Funguo Mikononi mwa Karani: Nyumba za Biashara za Unguja na Warithi Wao

Atokaye Bandarini kuelekea Forodhani kwa njia ya Mizingani hukutana, upande wa kushoto, na jumba la roshani za mbao zilizochongwa kwa ufundi mwingi, ambalo sote tumelizoea kwa jina la Zahanati ya Kale. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Mwenye kulijenga, Taria Topan, alikuwa wakati huo tajiri mkubwa kuliko wafanyabiashara wote wa mji huu. Alifariki Bombay mwaka 1891, jengo likiwa bado halijamalizika. Lilikamilika mwaka 1894 chini ya usimamizi wa mjane wake, lakini fedha zikapunguka, na mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ikawa imekwisha uzwa. Mnunuzi ndiye aliyeweka zahanati katika ghorofa ya chini, na jina likabaki.

Tunapolitazama jumba lile tunasifu nakshi zake. Mimi kila nikipita huniijia swali jengine: ilikuwaje mtu aliyejua hesabu ya kila frasila ya pembe iliyoshuka pwani asiweze kuhakikisha kwamba nyumba yake moja itamalizwa na kubaki kwa watu wake? Nimekuja kuamini kwamba jibu halimo katika uvivu wa warithi, kama wasemavyo wazee barazani, bali katika namna mali yenyewe ilivyokuwa. Mali ya mfanyabiashara wa pwani katika karne ya 19 haikuwa dukani wala ghalani. Ilikuwa njiani. Ilikuwa imetawanyika kwa watu walioichukua kwa ahadi: mwenye msafara aliyekwenda Tabora na vitambaa vya mkopo, mwenye shamba aliyekula bei ya karafuu kabla hazijachumwa, mwenye kiti cha enzi aliyekopa kwa matumizi ya kasri. Mali ya namna hii hairithiki kwa kukabidhiwa funguo tu. Mwenye kuirithi hana budi ajulikane na wadeni, nao wakubali kwamba wanadaiwa na yeye.

Ili kuliona jambo hili vizuri, yatupasa kwenda nyuma kidogo, kwenye nyumba iliyomtangulia Taria Topan na ambayo, kwa masimulizi yaliyoenea, ndiyo iliyomfunza kazi.

Jairam Shivji alikuwa Banyani wa kabila la Bhatia, asili yake Mundra katika Kachi. (Baba yake akiitwa Shivji Topan, na watu wengi huwachanganya, huyu hana nasaba na Taria Topan, ambaye alikuwa Khoja.) Tangu miaka ya 1830 yeye ndiye aliyekodi forodha ya Unguja kwa Seyyid Said. Utaratibu ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutekeleza: mkodi alimlipa Seyyid kiasi maalumu kila mwaka, naye akakusanya ushuru wa bidhaa kwa jina la serikali; kilichozidi kilikuwa faida yake, kilichopungua kilikuwa hasara yake. Mkataba ulikuwa wa miaka kadhaa, kisha hufanywa upya. Kwa kuwa Seyyid aghalabu alihitaji fedha kabla ya wakati wake, mkodi alimkopesha, na mkopo ule ukawa ndio kamba iliyomfunga Seyyid asimpe mwengine forodha mkataba unapokwisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Jairam aliondoka Unguja akarejea kwao Kachi. Hakufariki hadi mwaka 1866. Kwa miaka ipatayo kumi na mitatu, basi, mwenye nyumba alikuwa hai ng'ambo ya bahari, na nyumba ikiendeshwa hapa na mtu ambaye hakuwa mwanawe: karani wake na wakili wake, Ladha Damji.

Tuna shahidi wa jinsi mambo yalivyokuwa. Richard Burton alipokuja mwishoni mwa mwaka 1856 kutafuta njia ya kwenda maziwa makuu, aliyemshughulikia alikuwa Ladha. Hakumtuma mtu, alivuka mwenyewe hadi mrima, pamoja na karani wake aitwaye Ramji, wakahangaikia wapagazi na mizigo. Burton anasimulia kwamba siku moja aliwasikia wawili wale wakizungumza Kikachi mbele yake, wakidhani haelewi, wakiulizana kama Wazungu hawa watafika kweli kwenye Bahari ya Ujiji, na wakajibizana kwamba hawatafika. Burton alikuwa akikijua Kikachi. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, lakini mimi hukisoma kwa jicho la mwenye duka. Ladha alikuwa akifanya kazi ambayo mwenye mali tu ndiye huifanya: akiupima uzito wa mtu kabla ya kumpa mali. Na alikuwa ameshaanza kumfundisha karani wa pili, aliye chini yake, kupima vilevile.

Hapa ndipo ilipo siri ya makabidhiano ya Jairam, na inafaa tuitulizie macho. Mwenye mali anaweza kumpa mfanyakazi wake funguo za ghala, na bado asiwe amemkabidhi kitu. Anaweza kumpa daftari aandike, na bado asiwe amemkabidhi kitu. Alama ya makabidhiano ni nyengine: ni nani mwenye uwezo wa kumpa mdeni muhula? Mtu aliyechelewa kulipa akija barazani na udhuru wake, karani akamjibu, "Ngoja nimwandikie mzee," basi nyumba bado ni ya mzee, na siku atakapokufa wadeni wote watakuwa na udhuru. Karani akimjibu papo hapo, ndiyo au siyo, na jibu lake lisitanguliwe, hapo makabidhiano yamekwisha fanyika hata kama jina la mlangoni halijabadilika. Barua kutoka Unguja hadi Kachi ilingoja upepo wa kusi, na jibu likangoja kaskazi. Mwenye mali aliyekuwa mbali namna hiyo hakuwa na njia ila kumwachia karani neno la mwisho. Nionavyo, umbali ule ndio uliomfaa Jairam kuliko hekima yoyote. Laiti angalibaki Unguja, akakaa kila asubuhi kitini pake, Ladha angalibaki karani.

Jairam alipofariki mwaka 1866, nyumba haikutikisika. Jambo hili lina sababu mbili, na ya pili husahauliwa. Ya kwanza ni hiyo niliyoieleza: wadeni walikuwa wamemzoea Ladha kwa miaka mingi. Ya pili ni ya sheria. Kwa ada ya Wahindu wa upande ule, biashara ya ukoo ni mali ya jamaa nzima kwa pamoja; mkubwa wao huiongoza, lakini haigawanywi kwa sababu tu yeye amekufa. Anakuja mkubwa mwengine, na nyumba inaendelea kwa jina lile lile. Wakili aliyewekwa na nyumba hubaki wakili wa nyumba. Hivyo nyumba iliendelea kuitwa ya Jairam Shivji miaka mingi baada ya Jairam mwenyewe kuwa majivu.

Kwa Muislamu wa Unguja, Mwarabu au Mshirazi au Mngazija, mambo hayako hivyo, na ni vizuri tuyafuate hatua kwa hatua kwa mfano, kwa kuwa ndiyo yanayotukuta hadi leo. Tuchukue duka la vitambaa mjini. Mwenye duka amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Mmoja wa wanawe amekaa naye dukani miaka kumi na tano. Mwengine yuko ng'ambo. Yupo pia mfanyakazi wa siku nyingi, aliyeshika funguo tangu ujana wake. Bidhaa zilizomo zina thamani ya shilingi milioni 30, madeni yanayodaiwa watu ni milioni 24, na fedha taslimu ni milioni 6. Marehemu naye alikuwa akidaiwa na wauzaji wa jumla milioni 12.

La kwanza ni kwamba uwakala hufa pamoja na aliyeutoa. Mfanyakazi aliyekuwa na idhini ya kuuza, kudai na kusamehe jioni ya leo, asubuhi ya kesho hana idhini yoyote mpaka warithi wampe upya. Hata ule ushirika ambao mmoja hutoa mtaji na mwengine kazi, wakagawana faida, nao huvunjika kwa kifo cha mwenye mtaji. Duka, basi, linafungwa, na wadeni wanakuja matangani bila ya kutaja deni.

La pili, madeni ya marehemu hutangulia. Katika jumla ya milioni 60, zinatoka 12, zinabaki 48. Mke ana thumuni, yaani milioni 6. Zinabaki 42, ambazo zinagawanywa mafungu sita, kila mwana wa kiume akipata mawili na kila binti moja. Fungu ni milioni 7. Kila mwana atapata milioni 14, na kila binti 7. Hesabu imetoka sawasawa, na hakuna aliyedhulumiwa.

Lakini angalia duka limekuwaje. Yule mwana aliyekaa dukani ana haki ya milioni 14. Warithi wenzake wana haki ya milioni 34, na wakitaka haki yao hawana kosa. Fedha taslimu ni milioni 6 tu, nazo wauzaji wa jumla wanazingojea, tena zinapungua nusu ya wanachodai. Zile milioni 24 zilizoko kwa watu zitalipwa na nani, na lini, hali aliyejua ni nani mkweli na ni nani mwenye maneno amezikwa? Haipiti miezi mingi vitambaa vinauzwa kwa bei ya kutupa ili watu wagawane. Mwana wa dukani atalalamika kwamba jasho lake la miaka kumi na tano limeingia katika fungu la ndugu yake wa ng'ambo. Kweli limeingia. Alifanya kazi bila ya kuandikiwa mshahara wala fungu, na kazi ya namna hiyo, kisheria, ni ihsani kwa baba yake. Mazao yake yote ni mali ya baba. Mfanyakazi wa siku nyingi naye hapati kitu, kwa kuwa si mrithi, labda awe ameusiwa.

Dawa zilizopo zote ni za uhai, na zina mipaka yake. Mfanyakazi anaweza kuusiwa, lakini wasia hauvuki theluthi ya mali iliyobaki baada ya madeni. Katika mfano wetu ni milioni 16. Mwana hawezi kuusiwa ila warithi wenzake waridhie, kwani yeye tayari ni mrithi. Baba anaweza kumpa mwanawe hiba, lakini hiba haitimii kwa maneno: sharti akabidhiwe na aishike, na baba auondoe mkono wake. Na ikitolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, ikarudi kwenye masharti yale yale. Ndiyo maana karatasi zinazoandikwa hospitalini, huku mgonjwa akishikwa mkono atie saini, hazimsaidii mtu mbele ya kadhi. Kumpendelea mtoto mmoja kwa hiba na kuwaacha wengine ni jambo ambalo wanavyuoni wetu wa Kishafii wamelichukia, hata kama hiba yenyewe inasihi.

Iliyo nyepesi kuliko zote, na ambayo nimeiona ikifuatwa mara chache, ni kumfanya yule mwana au yule mfanyakazi mshirika tangu mapema, kwa hesabu iliyoandikwa na kushuhudiwa: kwamba kuanzia mwaka fulani robo ya faida ni yake, na asiyoichukua inakuwa mtaji wake ndani ya duka. Ikipita miaka kumi na tano, baba atakapofariki ushirika utavunjika, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya duka haitakuwa tena ya marehemu, na haitaingia katika mirathi. Aliyebaki ataweza kuwanunua wenzake kidogo kidogo. Wazee hawaipendi njia hii kwa sababu inawalazimu wamwonyeshe kijana daftari. Na daftari, kwa wengi wao, ni siri kubwa kuliko ya chumbani.

Turudi Unguja ya zamani, maana hata nyumba ya Jairam, pamoja na utaratibu wake mwema, haikuvuka kila mto. Seyyid Majid alifariki mwaka 1870, akamwachia nduguye Seyyid Barghash kiti pamoja na deni kwa nyumba ile lililozidi riale laki tano. Barghash hakuwa tayari kulibeba deni la nduguye kama lilivyo, na baada ya mvutano likapunguzwa sana. Ladha Damji, aliyekwisha kuwa mzee, alifariki mwaka 1871. Angalia sadfa hiyo: kwa muda wa mwaka mmoja mdeni mkubwa na mdai mkuu wote wameondoka. Kamba iliyoifunga serikali na nyumba ile ilikuwa imefungwa baina ya watu wawili wanaojuana, na sasa ncha zote mbili zimeachwa. Mwaka 1876 Barghash akaikodisha forodha kwa Taria Topan.

Huyu ndiye, kwa masimulizi, aliyefika Unguja akiwa mtoto asiye na kitu, akapata kazi katika nyumba ya Jairam, na Ladha akamwinua daraja baada ya daraja hadi akajua madeni ya mji mzima. Ikiwa masimulizi ni ya kweli, nyumba ya Jairam ilinyang'anywa forodha na mtu iliyemlea. Sioni usaliti hapo. Mfanyakazi mwaminifu anayejua kila kitu, na ambaye hana fungu lake katika nyumba, atakuja kuwa na nyumba yake. La ajabu lingekuwa asiwe nayo. Ladha alibaki kwa sababu alikuwa na madaraka ya mwenye nyumba. Haikuwezekana kuwa na Ladha wawili.

Kisa cha mwisho kinatutoa kisiwani na kutupeleka mrima, ingawa wahusika wake walikuwa wakija na kutoka bandarini kwetu. Bagamoyo alikuwako Sewa Haji Paru, mzaliwa wa Unguja, Khoja, aliyewapa wapagazi na bidhaa karibu wasafiri wote waliokwenda bara katika miaka ya 1870 na 1880. Alifariki mwaka 1897, na mali yake kubwa aliiusia kwa mambo ya kheri. Hospitali iliyobeba jina lake Dar es Salaam ndiyo iliyoitangulia Muhimbili. Biashara yake ya misafara hakuiacha kwa mwana. Iliangukia kwa mtu aliyewahi kufanya kazi upande wake, kijana kutoka Kera ya Kachi aliyefika Bagamoyo akiwa na umri wa miaka kama kumi na miwili: Allidina Visram.

Allidina alikuwa amejifunza kazi kwa kuitembea. Aliwajua wenye misafara kwa sura. Reli ya Uganda ilipojengwa, akaweka maduka pembezoni mwake, kisha Kampala na kwengineko, hadi matawi yake yakawa makumi. Katika kila tawi aliweka kijana kutoka kwao, akampa bidhaa kwa mkopo na madaraka ya kukopesha. Mtindo huu ulikuwa na nguvu kubwa na udhaifu mmoja: kila wakili alimjua Allidina, na Allidina alimjua kila wakili, lakini hapakuwa na Ladha katikati. Kamba zote ziliishia katika mkono mmoja.

Mkono ule ulipolegea mwaka 1916, nyumba ikamwendea mwanawe, Abdulrasul. Na wakati ulikuwa mbaya. Vita vilikuwa vikiendelea katika nchi ya Wajerumani, ambako nyumba ilikuwa na maduka ya zamani. Baada ya vita, mwaka 1920, rupia ikafungwa kwa bei ya shilingi mbili za Kiingereza, ilhali kabla ya vita ilikuwa shilingi moja na peni nne. Kila aliyekuwa na deni la rupia akaliona limeongezeka uzito kwa nusu, na muda si muda bei za mazao nazo zikaanguka. Huo ndio wakati ambao mdai huhitaji kujua ni nani wa kubanwa na ni nani wa kupewa muhula. Baba angalijua. Mwana alikuwa na daftari, na daftari huandika kiasi na tarehe tu.

Abdulrasul aliijenga Mombasa skuli kwa jina la baba yake, ile inayotazama bahari na ambayo ingali ikisomesha. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1923, miaka saba tu baada ya baba, na nyumba ya Allidina Visram haikudumu baada yake. Katika miji ya bara, baadhi ya mawakili wa zamani walibadilisha ubao wa mlangoni, wakaendelea kuuza.